Ingawa, lakini, ila, bali, ili: maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu sentensi fupi zinazoharibika katikati

Haya ni maswali yale yale yanayojirudia, ya wanafunzi, ya wazazi wanaosaidia watoto homuweki, ya watu wanaoandika matangazo ya ofisini wakaambiwa warudie. Nimeshikilia sentensi fupi tu, zile zenye nusu mbili na neno moja la kuziunganisha, maana huko ndo kosa linaonekana peupe. Sentensi ndefu inaweza kuficha uchafu mwingi sana, fupi haifichi kitu.

## Mambo ya mwanzo

1. Haya maneno matano si yote ni namna ya kusema "lakini" tu?

Hapana, na hapo ndo shida nyingi zinapoanzia. Chukua vipande viwili ambavyo kila mtu ameshawahi kuviandika kwenye simu: *nimetuma pesa* na *haijafika*. Sasa jaribu kuweka kila neno uone.

*Nimetuma pesa lakini haijafika.* Iko sawa. Kuna jambo, halafu kuna jingine linaloenda kinyume na ulivyotarajia.

*Ingawa nimetuma pesa, haijafika.* Iko sawa pia, ila ona neno limehama, limeenda kukaa mbele ya *nimetuma*. Tutarudi hapo kwenye swali la 5 maana ni pazito.

*Nimetuma pesa ila haijafika.* Kwenye meseji hakuna atakayekushangaa. Kwenye insha au barua ya kikazi, swali la 8.

*Nimetuma pesa bali haijafika.* Hii imevunjika. Bali inataka kwanza ukanushe kitu ndo ulete kingine cha kukaa mahali pake, na hapa hujakanusha chochote, umesema umetuma.

*Nimetuma pesa ili haijafika.* Imevunjika vibaya zaidi, na ukiirekebisha kisarufi iwe *ili isifike* inakuwa vichekesho, yani umetuma pesa kwa lengo la kwamba isifike.

Kwa hiyo vipande ni vile vile, maneno ni matano, mawili yanakubali bila ubishi, moja linakubali kwenye mazungumzo, mawili yanakataa kabisa. Kama yangekuwa na maana moja yote yangepita.

2. Kuna njia ya haraka ya kujua lipi linafaa kabla sijabonyeza tuma?

Ipo, na haihitaji kukariri majina ya vishazi. Angalia nusu ya kwanza: je, imekanusha kitu (si, hakuna, sitaki, hajaja)? Kama haijakanusha, futa bali kichwani mwako. Halafu angalia nusu ya pili: je, ni jambo lililotokea au ni lengo ambalo mtu analitaka litokee? Kama ni lengo, ni ili. Kama ni jambo lililotokea, ili haina kazi hapo. Angalia pia kama nusu ya pili ina kitenzi. Kama haina, yani ni jina tupu kama *Asha* au *wawili*, basi lakini haitoshi na kuna uwezekano unataka ila.

Ingawa ndo pekee haikai kwenye mtihani huu, kwa sababu yenyewe unaiuliza swali tofauti: kizuizi ni kipi? Nusu yenye kizuizi ndo inayobeba ingawa.

## Ingawa na lakini

3. "Ingawa nimechoka lakini nitakuja." Kosa liko wapi, mbona inaeleweka?

Kueleweka inaeleweka, hakuna anayebisha. Kosa ni kwamba umefanya kazi moja mara mbili. Ukishaanza na *ingawa nimechoka*, msikilizaji tayari anajua kuna kinyume kinakuja, hana haja ya kukumbushwa na lakini baada ya maneno mawili tu. Chagua moja: *Ingawa nimechoka, nitakuja* au *Nimechoka lakini nitakuja*.

Hili ndo kosa linaloongoza kwa mbali kwenye haya maneno yote, na linawakamata hata watu wanaoandika vizuri sana. Linaenda pamoja na ndugu zake *japo... lakini*, *ijapokuwa... lakini*, *licha ya... lakini*. Dawa ni ile ile, ukishaweka moja la mbele basi la katikati liache, weka koma pawe na pumzi.

4. Lakini mimi nasikia watu wazima, watangazaji, hata walimu wakisema "ingawa... lakini". Kwa nini mimi nikatwe maksi?

Swali la haki kabisa. Kwenye kuongea, mtu anaanza na ingawa, anaingiza maelezo marefu, *ingawa yule bwana tuliyemwona juzi pale stendi akiwa na mizigo yake yote na watoto alituambia hana nauli*, mpaka amalize wewe umeshasahau kwamba kulikuwa na ingawa. Hapo lakini inamrudisha msikilizaji njiani, na mimi binafsi sioni ubaya wake kwenye mazungumzo. Lugha ya kusema ina mambo yake.

Shida ni pale sentensi ina maneno manne. *Ingawa mfupi lakini mkali*. Hapo hakuna aliyesahau kitu. Na kwenye mtihani anayesahihisha anaangalia kama umejua kwamba ingawa peke yake inatosha, kwa hiyo ukiongeza lakini umemwambia kwamba hujui.

5. Niliambiwa nibadilishe lakini niweke ingawa, nikaweka pale pale, nikakosa. Imekuwaje?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, maana kosa lenyewe halionekani kwa macho, sentensi inatoka safi kabisa kisarufi ila imesema kitu kingine.

Chukua *Alisoma sana lakini alifeli*. Mwanafunzi anaambiwa atumie ingawa. Anafuta lakini, anaandika ingawa pale pale: *Alisoma sana ingawa alifeli*. Soma tena taratibu. Sasa kufeli ndo kumekuwa kizuizi, na kusoma ndo jambo kuu. Maana yake ni kama alifeli kwanza, halafu hata hivyo akaendelea kusoma sana. Huyo ni mtu mwingine kabisa, ni mtu wa kusifiwa. Wa kwanza ni mtu wa kuhurumiwa.

Sababu ni kwamba lakini inasimama mbele ya matokeo, yale yaliyokuja kinyume. Ingawa inasimama mbele ya kizuizi, yani lile jambo ambalo lilitakiwa lizuie matokeo yale likashindwa. Kwa hiyo ukitoa lakini ukaleta ingawa, lazima neno lihame liende nusu nyingine. Unaweza kuliweka mwanzo, *Ingawa alisoma sana, alifeli*, au ukageuza nusu zenyewe, *Alifeli ingawa alisoma sana*. Zote mbili zinabaki na maana ya awali kwa sababu ingawa imebaki imemshikilia yule yule *alisoma*.

Wanafunzi wa Kenya wanaofanya karatasi ya lugha ya KCSE, ile 102/2, wanakutana sana na maagizo ya namna hii ya kuandika upya sentensi, na huku Tanzania ni hivyo hivyo tangu msingi. Hatua ni tatu tu. Kwanza tafuta matokeo, yani yale yaliyo baada ya lakini. Pili futa lakini. Tatu weka ingawa mbele ya nusu ile nyingine. Jaribu na hii: *Mvua ilinyesha lakini mechi ilichezwa.* Matokeo ni mechi kuchezwa. Nusu nyingine ni mvua. Jibu: *Ingawa mvua ilinyesha, mechi ilichezwa.* Ukiandika *Mvua ilinyesha ingawa mechi ilichezwa* umesema mechi ilijaribu kuzuia mvua ikashindwa, na sijawahi kuona mechi ya namna hiyo.

6. Naweza kusema "Ingawa mvua, tulienda"?

Hapana. Ingawa inataka sentensi nzima baada yake, sio jina tupu. Kama una jina tupu tumia *licha ya*: *Licha ya mvua, tulienda.* Na kinyume chake pia ni kosa linaloonekana sana, *licha ya mvua ilinyesha*, hapo umeweka sentensi mahali pa jina. Ama *licha ya mvua kunyesha* ama *ingawa mvua ilinyesha*.

Kitu kimoja kinachochanganya: *Ingawa mgonjwa, alikuja kazini* inakubalika. Hapo mgonjwa ni hali ya mtu, ni kama umesema *ingawa ni mgonjwa*, ile *ni* imemezwa tu. Kipimo ni hicho, jaribu kurudisha *ni*. Ukisema *ingawa ni mvua, tulienda* unaona kabisa haikai.

7. Vipi "ingawa kuwa", "ingawaje", "japo", "hata kama"?

*Ingawa kuwa* achana nayo. Ndani ya ingawa tayari kuna *-wa* ya kuwa, kwenye mashairi ya zamani utakutana hata na *angawa* na *ningawa* ikifuata nafsi, kwa hiyo ukiongeza kuwa nyingine unarudia. Inawezekana watu wanaichanganya na *ijapokuwa*, ambayo yenyewe ni sahihi. *Japo* na *japokuwa* ziko sawa na zinafuata sheria zote za ingawa. *Ingawaje* inasikika kila mahali lakini kwenye kazi rasmi wengine wanaikata, na kwa kuwa ingawa tupu haikatwi na mtu, sioni faida ya kubahatisha.

*Hata kama* ni habari nyingine. Ingawa ni kwa jambo ambalo ni kweli: *Ingawa anaumwa, atakuja* maana yake anaumwa kweli. *Hata kama anaumwa, atakuja* maana yake sijui kama anaumwa, iwe isiwe atakuja. Watu wanaandika *ingawa utanilipa milioni, siendi* wakati hakuna aliyesema atalipa milioni. Hapo ni hata kama: *Hata kama utanilipa milioni, siendi.*

## Ila

8. Ila na lakini si kitu kimoja siku hizi?

Kwenye maongezi ya Bongo, ndiyo, karibu kabisa. *Nimefika ila sijamkuta*, *kazuri ila bei*, watu wanaongea hivi asubuhi mpaka jioni na mimi mwenyewe humu nimetumia, rudi swali la 1 utaona. Sio kosa la kukosesha mtu usingizi.

Kazi yake ya asili lakini ni kutoa mmoja kwenye kundi, sawa na *isipokuwa* au *kasoro*. *Watoto wote wamelala ila Amina.* Ona nusu ya pili ni jina tupu, hakuna kitenzi. Hapa lakini haiwezi kuingia, *watoto wote wamelala lakini Amina* inabaki inaning'inia unasubiri Amina amefanya nini. Kwa hiyo ila inaweza kuchukua nafasi ya lakini kwenye maongezi, ila lakini haiwezi kuchukua nafasi ya ila. Barabara ya upande mmoja.

Kwenye maandishi rasmi ushauri wangu ni utenganishe: kinyume weka lakini, kumtoa mmoja weka ila. Hutakosea na hakuna atakayekusoma vibaya.

9. "Sina ila mia tano." Huyu mtu ana hela au hana?

Anayo mia tano, hana zaidi ya hiyo. Ukikanusha halafu ukaleta ila na kitu kimoja, maana yake ni *hicho tu*. Ndo muundo ule ule wa *hapana Mola ila Allah*, unakanusha wote halafu unamtoa mmoja. Wazee wa Pwani wanautumia bila kufikiri, *sikuja ila kukujulia hali*, yani nimekuja kwa hilo tu na sio kukopa.

Vijana waliozoea ila ya kinyume wanaposoma hii wanapotea, wanaona *sina, lakini mia tano* na wanasubiri sentensi imalizike. Haijakatika, imeisha. Kama unaandikia watu ambao huna uhakika watasomaje, andika *nina mia tano tu* uokoe muda wa wote.

Kosa halisi hapa ni kuondoa kanushi: *nina ila mia tano*. Hiyo haina maana. Ila ya *tu* inaishi baada ya kukanusha peke yake.

10. Mtu kaandika "ili jambo ni zito" na mwingine "ana hila lakini ni mzuri". Haya nayo ni makosa ya viunganishi?

Hayo ni makosa ya herufi *h*, ila yanaangukia kwenye haya haya maneno kwa hiyo yanachanganya sana. *Ili* ni ya lengo. *Hili* ni ya kuonyesha: hili jambo, hili gari, hili tatizo. Ukiandika *ili tatizo liishe* umesema lengo, ukiandika *hili tatizo liishe* unalionyesha kidole tatizo lenyewe. Zote mbili ni sahihi na zina maana mbili tofauti, kwa hiyo hata msomaji mzuri hawezi kukusaidia kukisia.

*Hila* ni ujanja mbaya. *Ila* yenye maana ya kasoro ni nomino pia, *kila mtu ana ila yake*. Ukimwambia mtu ana hila wakati ulitaka kusema ana kasoro ndogo, jiandae kujieleza.

## Bali

11. "Nimefika bali mlango umefungwa." Bali si ni lakini ya kistaarabu?

Hapana, na hili wazo la kwamba bali ni lakini iliyovaa suti ndo linaharibu barua nyingi za kuomba kazi na hotuba za harusi. Watu wanaona lakini ni ya kawaida mno, wanaichomoa wanaweka bali wapendeze. Sentensi inaanguka.

Bali ni neno la kubadilisha. Unakataa kitu cha kwanza, unaleta cha pili kikae kwenye kiti kile kile. *Yeye si mwalimu bali ni daktari.* *Hatukuja kwa basi bali kwa treni.* *Si leo bali kesho.* Kila mara kuna nafasi moja, umemtoa mmoja umemkalisha mwingine: kazi kwa kazi, usafiri kwa usafiri, siku kwa siku. *Nimefika bali mlango umefungwa* haina aliyetolewa, kwa hiyo ni *Nimefika lakini mlango umefungwa*.

12. Sawa, nikakanusha: "Sijala bali nina njaa." Bado nikaambiwa kosa. Sasa mnataka nini?

Kukanusha ni sharti la kwanza, halitoshi peke yake. Nusu ya pili lazima iwe mbadala wa ile iliyokataliwa. Kuwa na njaa sio mbadala wa kula, ni matokeo ya kutokula, kwa hiyo ulihitaji *Sijala, kwa hiyo nina njaa*. *Sijala bali nimekunywa chai* ingepita, maana chai imechukua nafasi ya chakula.

Linganisha hizi mbili uone tofauti ilivyo nyembamba. *Yeye si mwalimu bali ni mkutubi*, sahihi, kazi imebadilishwa kwa kazi. *Yeye si mwalimu lakini anafundisha vizuri*, sahihi pia, na hapa ukiweka bali unaharibu, kwa sababu kufundisha vizuri hakujachukua nafasi ya kuwa mwalimu, kumekuja tu kinyume na ulivyotarajia kwa mtu asiye mwalimu.

Kuna sehemu zote mbili zinakubali na wewe ndo unachagua maana. *Hakuja lakini alituma mchango*: hakuja, tulikasirika kidogo, walau katuma. *Hakuja bali alituma mchango*: badala ya kuja alituma. Ukiweza kuingiza *badala yake* kwenye nusu ya pili na sentensi ikabaki na akili, bali ni salama. Hicho ndo kipimo ninachokitumia mimi kila siku.

13. "Siyo tu mrembo lakini pia ana akili." Hii nayo?

Hapo ni *bali pia*: *Si mrembo tu bali pia ana akili.* Ukikanusha kwa *si... tu* umesema jambo la kwanza peke yake halitoshi, na linalokuja kuongezea linaletwa na bali. Angalia na mahali pa *tu*, inakaa vizuri baada ya kile inachokibana, *si mrembo tu*. Hiyo *siyo tu mrembo* imetafsiriwa kutoka Kiingereza moja kwa moja, unaisikia kwenye matangazo kila siku na inazidi kukomaa, ila kwenye kazi ya kusahihishwa usiilete.

14. Mbona Biblia ya Union imeandika "Mtu hataishi kwa mkate tu, ila kwa kila neno"? Si ilitakiwa bali?

Mathayo 4:4, ndiyo, na sio kosa. Nusu ya kwanza imekanusha, kwa hiyo ila imeingia kwenye uwanja wake wa *hakuna... ila*, tazama swali la 9. Kwenye Kiswahili cha zamani kidogo ila na bali zinakutana sana baada ya kukanusha. Leo ukiandika *si kwa mkate tu bali kwa neno* ni sahihi na ndo wengi wanavyotarajia. Usichoweza ni kwenda upande wa pili, ukachukua bali ukaipeleka mahali ambapo hakuna kukanusha.

## Ili

15. "Nasoma ili nitafaulu." Kwa nini -ta- haitakiwi wakati kufaulu ni baadaye?

Kwa sababu baada ya ili hutoi taarifa, unataja lengo, na lengo kwenye Kiswahili halibebi alama ya wakati. Toa *-ta-*: *Nasoma ili nifaulu.* Vivyo hivyo *amekuja ili anatuona* inakuwa *ili atuone*, *nilimpigia ili alikuja* inakuwa *ili aje*.

Wengi wamefundishwa kwamba kitenzi baada ya ili kinaishia na *-e*, na ni kweli kwa *nione, asome, walipe*. Ila mtu akikutana na *faulu, rudi, sahau, samehe* anachanganyikiwa, anatafuta *-e* ya kuweka haoni pa kuiweka. Vitenzi vya asili ya Kiarabu havibadiliki mwishoni: *ili arudi, ili nifaulu*. Kwa hiyo usitazame mwisho wa kitenzi, tazama katikati. Ukiona *-na-, -li-, -ta-* au *-me-* baada ya nafsi, umeshakosea.

16. Na nikitaka kukanusha? "Funga mlango ili mbu hawaingii."

*Funga mlango ili mbu wasiingie.* Kanushi ya lengo ni *-si-* inayokaa baada ya nafsi, sio *ha-* ya mbele. *Wahi ili usichelewe*, *andika ili usisahau*, *ongea taratibu ili mtoto asiamke*. *Ili hautachelewa*, *ili hatasahau*, zote zinaanguka kwa sababu moja na ile ya swali la 15.

17. "Nasoma ili kufaulu" ni sahihi?

Inakubalika na inatumika sana, mradi mwenye kusoma ndo mwenye kufaulu. Watu wakiwa wawili ndo inaleta utata. *Nimempigia fundi ili kuja kesho.* Nani anakuja, mimi au fundi? Andika *ili aje kesho* na ubishi umeisha.

18. "Mvua ilinyesha ili barabara ikafungwa." Inaonekana sawa lakini inanikera, kwa nini?

Inakukera kwa haki. Mvua haina lengo la kufunga barabara. Ili ni ya kusudi, na hapa unachotaka ni matokeo, kwa hiyo *Mvua ilinyesha mpaka barabara ikafungwa*, au *hivyo barabara ikafungwa*. Wanaokosea hapa mara nyingi ni waliojifunza Kiswahili kama lugha ya pili, kwao neno moja linabeba kusudi na matokeo yote.

Kipimo: uliza *je, alitaka hivyo?* Alichelewa kazini, akafukuzwa, je alitaka kufukuzwa? Hapana, basi sio *alichelewa ili afukuzwe*. Japo kama unamjua jamaa mwenyewe alikuwa anatafuta fidia, hapo inawezekana ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Na *ilimradi* ni neno jingine kabisa, ni la sharti: *Chukua, ilimradi urudishe.* Ukiandika *chukua ili urudishe* umemwambia achukue kwa lengo la kurudisha, sasa si bora aache tu.

## Yakikutana

19. Kuna sentensi moja niishike ambayo ina haya yakiwa sahihi?

Wengi mnayo kichwani tayari hata kama sio watu wa kanisani, Yohana 3:16 kwenye Union: *Kwa maana jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu, hata akamtoa Mwanawe pekee, ili kila mtu amwaminiye asipotee, bali awe na uzima wa milele.*

Itazame kama fundi. Matokeo ya kupenda yameletwa na *hata akamtoa*, sio ili, maana ni jambo lililotendeka (swali la 18). Lengo limeletwa na ili, na kitenzi chake ni *asipotee*, kanushi kwa *-si-* na hakuna alama ya wakati (swali la 16). Halafu bali imekuja baada ya hiyo *asipotee*, yani imesubiri kukanusha, ikaleta mbadala, uzima mahali pa kupotea (swali la 12). Na *awe* nayo imebaki bila wakati kwa sababu bado iko chini ya ile ili ya mbele. Hilo la mwisho watu wanalisahau sana, wanaandika *ili asifeli bali atafaulu*. Ni *ili asifeli bali afaulu*, ili haijamaliza kazi yake mpaka sentensi iishe.

20. Naweza kuweka mawili kwenye sentensi moja bila kurudia kosa la "ingawa... lakini"?

Unaweza, kama kila moja lina kazi yake. *Ingawa amechelewa, mpe mtihani ili asirudie mwaka.* Ingawa imebeba kizuizi, ili imebeba lengo, hazigombani. Kosa la swali la 3 lilikuwa maneno mawili kwenye kazi moja.

Yanayogombana siku zote ni *lakini ila*, *lakini bali* na *ila bali* yakifuatana. *Lakini hata hivyo* nayo ni ya kurudia, japo hiyo kwenye maongezi nimeshaacha kupambana nayo.

21. Koma inakaa wapi?

Ingawa ikianza sentensi, koma inakaa mwisho wa nusu yake: *Ingawa ni mbali, tutafika.* Ikiwa katikati, *tutafika ingawa ni mbali*, haihitajiki. Kabla ya lakini na bali unaweza kuweka au kuacha kwenye sentensi fupi. Kabla ya ili mara nyingi hakuna. Usiweke baada ya lakini, *nimekuja lakini, sijamkuta*, hapo umekata pumzi mahali ambapo hakuna anayepumua.

22. Ripoti ya hesabu ya kundi letu inasema "Wanachama wote wamelipa lakini wawili". Nirekebisheje?

Ukitaka kifupi: *Wanachama wote wamelipa ila wawili.* Ukitaka kubaki na lakini, ipe kitenzi na uondoe *wote*, maana huwezi kusema wote halafu ukawapinga: *Wanachama wengi wamelipa lakini wawili hawajalipa.* Kama ni tangazo la kuwakumbusha, *Wawili waliobaki walipe kabla ya Ijumaa ili tufunge hesabu*, na angalia ni *tufunge*, sio *tutafunga*.